Parapeti Isiyopinda: Uchambuzi wa Renda ya Paa Jioni

Tuchukue paa tambarare la jengo la ghorofa nane huko Upanga, Dar es Salaam. Mteja anataka kuliona likiwa na makochi, masanduku ya maua, pagola na turubai la kivuli, na nyuma yake majengo marefu ya katikati ya mji, jua likiwa limeshazama. Katika renda ya namna hii jicho hukamata kasoro kwanza kwenye parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni, kwa sababu ndio mstari mrefu kuliko yote na umekaa palepale mji unapoanzia. Ukipinda kidogo tu, paa zima huonekana linaserereka.

Chanzo cha mistari kupinda mara nyingi ni kamera iliyoinamishwa. Msanifu anataka sakafu na samani zionekane, basi anaielekeza kamera chini, na hapo nguzo za pagola zinaanza kubanana kuelekea chini. Dawa ni kuiacha kamera isimame sawasawa, kisha kuushusha uga wa picha wenyewe. Katika Blender, kamera huwekewa nyuzi 90 kwenye mhimili wa X, na kinachobadilishwa ni Shift Y. Thamani hasi hushusha uga wa picha, kwa hiyo sakafu inaingia na upeo wa macho unapanda juu, huku kila kilicho wima kikibaki wima.

Tuione kwa hesabu. Picha ina pikseli 3000 kwa 2000, sensa ina upana wa milimita 36, lenzi ni milimita 24. Kamera iko mita 1.6 juu ya sakafu, parapeti ina kimo cha mita 1.1 na iko mita 8 mbele, ikiikabili kamera moja kwa moja. Shift Y ikiwa -0.1, upeo wa macho unahama pikseli 300, kutoka mstari wa 1000 hadi wa 700 ukihesabu kutoka juu. Ncha ya parapeti iko nusu mita chini ya jicho, na kwa umbali ule hiyo ni pikseli 125. Basi lazima iangukie mstari wa 825, kushoto na kulia vilevile.

Hesabu hiyo ndiyo kipimo cha kazi. Ukikuta 825 upande mmoja na 840 upande wa pili, zitazame nguzo za pagola. Zikiwa wima, kamera imegeuzwa pembeni. Zikiwa zimelala zote upande mmoja, kamera imelalia ubavu. Rudi kwenye kamera. Kuivuta picha iliyokamilika ili unyooshe ukingo ni kuharibu makochi na vyungu vilivyo karibu nao.

Lenzi nayo ina mpaka wake. Kwa milimita 18, kitu cha mviringo kilicho ukingoni mwa picha huvutika kwa takriban asilimia 41, na chungu kinakuwa yai. Kwa milimita 24 mvutiko ni asilimia 25, na vyungu vya duara ni vyema vikae karibu na katikati, pembeni yawekwe masanduku ya mstatili.

Picha ya mji ipigwe juu ya paa lilelile, kamera ikiwa sawasawa, na mpindo wa lenzi uondolewe kabla haijaingizwa. Kisha isogezwe mpaka upeo wake ukae kwenye mstari wa 700. Isivutwe kujaza nafasi. Jengo lililo chini ya kimo cha jicho letu lazima liishie chini ya mstari huo. Likiuvuka, mji unaelea.

Anga ndilo ninalolisisitiza zaidi. Kutoka Upanga, Posta, yaani katikati ya mji, iko upande wa mashariki na kusini, kwa hiyo jua linazama mgongoni mwetu. Kubandika anga la rangi ya chungwa nyuma ya minara ya Posta ni kosa la jiografia. Mashariki, muda mfupi baada ya jua kuzama, huonekana ukanda wa waridi juu ya ukanda wa kijivu cha samawati, ambao ni kivuli cha dunia. Mwanga huu hauna subira: Dar, jua hushuka karibu wima, na mwangaza mzuri wa jioni hudumu kama dakika 21 tu. Turubai halitupi kivuli chenye ukali saa hiyo. Linapokea mwanga hafifu wa anga, na joto la rangi linatoka kwenye taa za chini ya pagola.

Kinachobaki ni kuunganisha. Washa Transparent chini ya Film, hifadhi kwa EXR, kisha kuza picha kwenye ncha ya parapeti. Ukiona uzi mweupe au mweusi kati ya ukuta na anga, uwazi wa pikseli za ukingoni umesomwa vibaya. Rekebisha namna programu inavyousoma, usiukate ukingo kwa mkono.