Sifa ya Anayesahihisha Vifungu

Katika vikundi vya kuweka na kukopa vya Nachingwea na Ruangwa, ambako pesa za ufuta na korosho huingia kwa msimu, ugomvi mkubwa huzuka siku ya mgao au mwanachama anapojitoa. Siku hiyo ndipo katiba hufunguliwa, na mara nyingi kifungu kinachosomwa hutuma watu kwenye kifungu kingine. Namba ikikosewa, kikundi hakina kanuni hata kama maneno yote ni mazuri. Kwa hiyo namsifu yule anayekaa na katiba akifuata kila rejeo hadi linakoishia.

Tuchukue katiba ambayo kifungu cha 8 ni Mikopo, 9 Faini, 10 Mfuko wa Jamii, 11 Kujitoa na 12 Mgao. Mkutano mkuu unaongeza kifungu cha Wadhamini baada ya Mikopo. Wadhamini wanakuwa 9, Faini 10, na vyote vinavyofuata vinasogea. Lakini kifungu cha Kujitoa bado kinasema hisa zitarudishwa "baada ya kukata faini za kifungu cha 9". Anayejitoa akidaiwa faini atauliza, na ana haki ya kuuliza: zinakatwa kwa kanuni ipi? Kompyuta ya steshenari husogeza namba za vichwa yenyewe, ila namba iliyochapwa kwa mkono ndani ya sentensi hubaki palepale. Nayo amri ya kubadilisha zote kwa mkupuo ina hatari yake. Ukianza na 9 kuwa 10, kisha 10 kuwa 11, ukaendelea hivyo, marejeo yote hayo yataishia 13. Mjuzi huanza juu: 12 kuwa 13, 11 kuwa 12, akishuka hadi 9. Hata hapo hukagua moja moja, kwani "kifungu cha 9" cha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hakipaswi kuguswa, na "vifungu vya 8 hadi 10" vinahitaji uamuzi: je, Wadhamini nao wamo?

Wapo wanaosema wanachama wanafahamiana, maana inajulikana. Inajulikana kwa waliokuwepo. Mwanachama mpya ana karatasi tu. Wengine hushauri tutaje jina la kifungu, tuache namba. Nusu ya ushauri huo naupokea: "kifungu cha 10 (Faini)" hufichua kosa papo hapo. Tena ipo njia ya kutosogeza chochote, ile ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yenye ibara ya 107A: Wadhamini wangeitwa 8A, na mihtasari ya zamani ingebaki sahihi. Kwa kikundi chenye mihtasari ya miaka mingi, hiyo ndiyo ningeichagua. Makatibu, kabla nakala mpya haijapelekwa halmashauri, isomeni rejeo kwa rejeo, wawili pamoja: mmoja akitaja namba, mwenzake akifungua ukurasa.