Punda au bunda

Mzee aliyenifundisha kusoma barua za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakuwa na haraka ya kutamka neno. Kwanza aliipitia karatasi nzima kwa macho, akitafuta namna mwandishi alivyoandika "na", "ya" na "kwa", maneno yanayorudi kila mara. Akishauzoea mkono wake, ndipo alipopanda juu kwenye salamu, ambazo aghalabu ni za Kiarabu na zina mtindo wake unaojulikana.

Ugumu huanza salamu zikiisha. Kiarabu hakina herufi ya p, hivyo waandishi wengi waliazima be. Sauti ya n iliyo mbele ya d mara nyingi haikuandikwa, na o na u zilitumia alama moja. Basi be, wau, dali na alifu zaweza kuwa punda, bunda au ponda. Tuseme mfanyabiashara anaandika kwamba amepokea kitu hicho. Ponda inajiondoa yenyewe, lakini punda hupokewa na bunda hupokewa. Mzee wangu hapo alinyamaza, akasogeza kidole kushoto kwenye neno linalofuata. Likianza na lamu, ni bunda la nguo. Likianza na wau, ni punda wa mtu. Ngeli ndiyo iliyomsomea. Nilimtazama nikaona jinsi mtu anavyoweza kusoma kwa sarufi kile ambacho wino haukusema.

Ndiyo maana naumia nikiletewa picha iliyokatwa ukingo. Maandishi haya huenda kutoka kulia, kwa hiyo mwisho wa mstari uko kushoto, na huko ndiko ile "la" au "wa" ilipo. Isitoshe, karatasi ikijaa, mwandishi huigeuza na kuendelea pambizoni kwa mistari ya mshazari. Picha ya kwanza ionyeshe karatasi yote, kona nne, na kamera iwe juu yake moja kwa moja. Zifuate picha za karibu, kila moja ikirudia kidogo sehemu ya iliyotangulia.

Kisha nukta. Moja chini ni be, moja juu ni nuni, mbili juu ni te. Doa la unyevu au tundu la mdudu huweza kuzaa herufi isiyokuwepo. Nukta ya kalamu ya mwanzi huwa na pembe, na rangi yake ni ile ya mstari ulio jirani. Doa mara nyingi halina pembe hizo, wala rangi hiyo. Tofauti hiyo hupotea kabisa simu ikigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo iache rangi. Zima mwako wa kamera, weka barua karibu na dirisha ili mwanga utoke ubavuni, na tundu litaonyesha kivuli chake. Wino wa upande wa pili ukipenya, tandika karatasi nyeusi chini.

Halafu igeuze, upige na mgongo wake, hata ukiuona mtupu. Mara nyingi jina la mpokeaji limeandikwa huko, kwenye kipande kilichobaki nje barua ilipokunjwa.