Kichwa Kimoja, Tahajia Nyingi: Uhakiki wa Uteuzi wa Maneno katika Vichwa vya Kurasa za Maombi ya Pasipoti

Makala hii inahakiki namna vichwa vya kurasa za Kiswahili mtandaoni vinavyoandikwa, kwa kuchunguza huduma ambayo watafutaji wa Tanzania na Kenya huitafuta kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, yaani maombi ya pasipoti. Hoja inayotetewa ni kwamba sarufi ya maneno anayoyaandika mtafutaji hudokeza lugha anayotaka kusomea, ilhali nomino aliyoikopa hueleza tu jina la kitu kama anavyolijua. Mwandishi asiyetenganisha mambo hayo mawili huishia ama kumwandikia kwa Kiingereza mtu aliyeuliza kwa Kiswahili, ama kumpa istilahi ambayo mtu huyo hajawahi kuitumia.

Mchanganyiko huo huwa wa namna tatu. Ya kwanza ni nomino ya Kiingereza ndani ya kiunzi cha Kiswahili, kama katika `jinsi ya kupata passport`. Ya pili ni kitenzi cha Kiingereza kilichovishwa kiambishi cha Kiswahili, kama katika `kuapply passport`. Ya tatu ni neno lililotoholewa lakini tahajia yake haijatulia: mmoja huandika `pasipoti`, mwingine `paspoti`. Katika namna zote tatu, maneno yanayobeba muundo, kama vile `jinsi ya` na kiambishi `ku-`, ni ya Kiswahili. Mtu aandikaye `jinsi ya kupata` anatarajia maelezo ya Kiswahili, hata kama kitu chenyewe anakiita kwa jina la Kiingereza.

Kosa la kwanza linalostahili kuhakikiwa ni la kiofisi. Chukua kichwa cha mfano kifuatacho, kilichotungwa kwa mtindo wa barua za serikali: `Utaratibu wa Kuwasilisha Maombi ya Kupatiwa Pasipoti ya Kawaida`. Kina herufi 63 pamoja na nafasi, na neno `Pasipoti` linaanza kwenye herufi ya 45. Google haijaweka idadi maalumu ya herufi, kwani hukata kichwa kwa kufuata upana wa kioo. Hata hivyo, kinachowekwa mwishoni ndicho kilicho hatarini kukatwa. Aidha, mtafutaji ameandika kitenzi, ilhali kichwa kinamjibu kwa nomino. Maneno `kuomba`, `naomba`, `maombi` na `mwombaji` yana mzizi mmoja kwa mwanaisimu, lakini katika maandishi ni maumbo manne tofauti. Si busara kutegemea kwamba mtambo wa utafutaji utayaunganisha yote.

Kosa la pili ni la usanifu uliopita kiasi. Wapo wanaokwepa `pasipoti` kwa sababu ni neno la kukopa, nao huchagua `hati ya kusafiria`. Maneno hayo ni Kiswahili safi, ila maana yake ni pana kuliko kitu kinachotafutwa: hata hati ya dharura ya safari ni hati ya kusafiria. Msomaji anayetaka pasipoti anaweza kufikishwa kwenye utaratibu wa hati nyingine. Neno `pasi` likiwa peke yake lina tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa ni pia chombo cha kunyooshea nguo na mpira anaopewa mchezaji mwenzake. Ufupi wake hauna faida iwapo haulengi.

Kosa la tatu hutokana na hofu ya kuachwa na mtafutaji yeyote. Mwandishi hulundika kila umbo: `Passport, Pasipoti, Paspoti, Pasi ya Kusafiria Tanzania`. Kichwa cha namna hiyo hakisemi ukurasa unafanya nini. Google huweza kukiweka kando kichwa kilichojazwa maneno ya kurudiarudia na kuonyesha maandishi mengine, kama vile kichwa kikuu kinachoonekana ndani ya ukurasa. Mfumo wa kufanya hivyo ulielezwa hadharani mnamo Agosti 2021. Kampuni hiyo imeeleza pia kwamba kichwa ambacho lugha yake inatofautiana na lugha ya maandishi ya ukurasa kinaweza kubadilishwa. Kwa hiyo, kubandika kichwa cha Kiingereza juu ya maelezo ya Kiswahili ili kuwavuta watafutaji ni mbinu inayoweza kujiangusha yenyewe.

Njia inayopendekezwa ni kugawa kazi. Kiunzi cha kichwa kiwe cha Kiswahili na kianze na tendo. Umbo sanifu, `pasipoti`, litangulie, nalo umbo moja tu la Kiingereza lipewe nafasi ya pili endapo kuna ushahidi kwamba linatumika. Kwa Tanzania, kichwa kinaweza kuwa `Kuomba pasipoti ya Tanzania: hatua za passport mtandaoni`. Kina herufi 56. Sehemu inayotangulia nukta mbili inajitosheleza hata ikibaki peke yake. Umbo `paspoti` haliingii kichwani, kwa sababu kuliweka huko ni kulipa hadhi ya usanifu. Maneno `pasi ya kusafiria` yanaweza kutajwa mara moja katika aya ya kwanza, ndani ya sentensi ya kawaida.

Kichwa hicho hakifai kuhamishiwa Kenya kwa kubadili jina la nchi tu. Huko maombi hufanywa kupitia jukwaa la eCitizen, na jina hilo ni sehemu ya kile ambacho mwombaji anatafuta. Nafasi ya pili ya kichwa inaweza kuchukuliwa na `eCitizen`, huku `passport` ikihamia katika aya ya kwanza. Kanuni ni ileile. Kinachobadilika ni jina ambalo mwombaji atakutana nalo kwenye kioo.

Ushahidi wa uteuzi huo una mipaka yake. Google Trends haijumlishi tahajia tofauti za neno moja, hivyo kila umbo sharti lipimwe peke yake na kwa kila nchi. Maumbo yenye watafutaji wachache huonyeshwa kama sifuri, nayo sifuri hiyo haimaanishi kwamba hayapo. Kwa ukurasa ambao tayari umechapishwa, Search Console huonyesha maneno yaliyouleta mbele ya watafutaji, nayo yanaweza kuchujwa kwa mpangilio huu:

```
pasipoti|paspoti|passport|pasi ya kusafiria
```

Vipindi viwili vya urefu sawa, kabla na baada ya kubadili kichwa, vilinganishwe kwa kila umbo. Ukurasa ukionekana mara nyingi kwa `passport` huku mibofyo ikiwa michache, inafaa kuchunguza iwapo kichwa kinafikiwa bila kueleweka. Lakini chombo hicho huficha maneno yanayotafutwa na watu wachache mno, na hakiwezi kuonyesha maneno ya mtu ambaye ukurasa haukumtokea kamwe. Maneno ya mtu huyo hupatikana kwenye dawati la huduma, pale mwombaji anapouliza kwa mdomo wake. Daftari la maswali hayo ni data ya isimujamii kama ilivyo data nyingine yoyote.

Hapo ndipo sera inapohusika. Orodha za istilahi humwambia mwandishi umbo lipi ni sanifu. Hazimwambii watu hulifikia umbo hilo kupitia tahajia zipi. Iwapo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zitaongeza kando ya kila istilahi ya huduma za umma maumbo yanayoandikwa na raia wa kila nchi, pamoja na alama ya kuonyesha kwamba si sanifu, usanifu hautapungua. Mwombaji aliyeandika `kuapply passport` atafikishwa kwenye ukurasa wa idara badala ya ukurasa wa mtu wa kati anayetoza fedha kwa kujaza fomu ya wazi, na atakapoufikia, neno la kwanza atakalosoma litakuwa `kuomba`.