Zile kilo 800, na kazi zilizobaki ndani ya droo

Bandugu, mwezi huu nimesoma memwari mbili za wadogo wetu wa agronomia, na zote mbili zinaanza na namba moja: mbolea ya kijani inaongeza kilo 800 za mahindi kwa hekta. Namba inatoka kwa Sileshi na wenzake, jarida la Plant and Soil, 2008. Kazi yao ni nzuri, sikatai. Sisi njo tunaisoma vibaya, na mimi pia niko kati ya wenye kosa.

Walikusanya makala 94 za Afrika ya Magharibi, ya Mashariki na ya Kusini, wakalinganisha mahindi yasiyo na mbolea na yale yaliyofuata mimea ya jamii ya kunde. Mimea midogo, kama mukuna, ilileta wastani wa tani 0.8 zaidi. Miti ya kunde inayochipuka tena ikikatwa ilileta 1.6. Lakini walisema pia kwamba mavuno kupanda mara mbili au zaidi kulitokea kwenye 16% tu ya kesi za ile mimea midogo, na ni kwenye mashamba ya uwezo mdogo au wa kati. Hiyo sehemu wadogo wetu waliiruka. Mtu wa Walungu mwenye udongo umechoka na mtu wa bonde la Ruzizi hawawezi kuahidiwa kitu kimoja.

Sasa, namna ya kuunganisha. Hatujumlishi majaribio yote sawasawa na kugawa. Kwa njia ya kawaida, kila jaribio linapewa uzito kufuatana na vile jibu lake linavyoyumba: unachukua kosa sanifu, unalizidisha kwa lenyewe, unagawa 1 kwa jibu hilo. Tuchukue mfano wa kutunga. Jaribio la kwanza, viploti vichache, linatoa tani 2 zaidi, kosa sanifu 1, basi uzito ni 1. La pili linatoa tani 1, kosa 0.5, uzito 4. La tatu ni kubwa, linatoa 0.5 na kosa 0.25, uzito 16. Unazidisha kila jibu kwa uzito wake: 2, 4 na 8, jumla 14. Unagawa kwa 21, unapata karibu tani 0.67. Wastani wa kawaida ungekupa 1.17. Lile jaribio dogo lenye makelele limetulizwa.

Lakini tuseme kulikuwa na mengine mawili ambayo hakuna mtu aliyeyachapa. Moja lilitoa sifuri, uzito 4. Lingine lilipoteza tani 1, uzito 1. Ukiyaingiza, jumla inakuwa 13 juu ya 26, ni 0.5. Kilo karibu 170 kwa hekta zilikuwa zimetoka kwenye ukimya, hazikutoka shambani. Na ukitumia njia ya pili, ile inayokubali kwamba mashamba yanatofautiana kwa kweli, majaribio madogo yanapata nguvu zaidi, kwa hiyo droo inaweza kudanganya zaidi.

Rosenthal aliliita tatizo la droo mwaka 1979. Aliwaza hali mbaya kabisa: majarida yamejaa zile 5% zilizopata matokeo kwa bahati tu, na 95% zimelala kwenye droo. Kwa dawa za huzuni, Turner na wenzake waliweza kuhesabu mwaka 2008, juu ofisi ya dawa ya Marekani ilikuwa na faili zote. Tafiti 38 zilihesabiwa nzuri, na 37 zikachapwa. Za kushindwa au za mashaka zilikuwa 36: 22 hazikuchapwa, 11 zilichapwa kana kwamba zilifaulu, na 3 tu zilisema ukweli wake.

Sisi wa mashamba hatuna ofisi kama hiyo. Tunabaki na mchoro wa faneli: kila jaribio ni nukta, makubwa juu, madogo chini yakitawanyika pande zote mbili. Kona ya chini ya upande wa matokeo mabaya ikiwa tupu, uliza waliokuwa pale wako wapi. Ila kona inaweza kuwa tupu kwa sababu nyingine pia, kwa mfano kama majaribio madogo yalifanywa kwenye udongo mbovu ambako faida kweli ni kubwa. Mchoro unatia shaka, hauhukumu.

Na Sileshi alichukua makala zilizopitiwa na wataalamu tu. Memwari zetu za Kabare na Walungu, zilizofungwa kwenye kabati, hazina mlango wa kuingilia pale. Yangu ilikuwa juu ya titonia kwenye mahindi. Haikuonyesha tofauti. Aliyekuwa ananiongoza akaniambia hiyo sehemu haina maana, nibakize ile ya maharagi iliyotoka vizuri. Nikatii, nikapata distinksio.

Kuiokoa hakuombi makala ndefu. Inatosha wastani wa ploti zenye titonia, wastani wa zile zisizo nayo, kuyumba kwa kila upande, idadi ya marudio, kijiji, msimu na kilo za majani mabichi ulizoweka. Bila kuyumba na idadi ya marudio, hakuna anayeweza kukupa uzito, basi utaachwa nje hata kama anakupenda. Nimefungua daftari la zamani wiki hii. Namba zote ziko, isipokuwa marudio moja ambayo mbuzi ya jirani ilikula, na hiyo pia nimeiandika.