Pembetatu kwa Njia ya Simu

Shule zilipofungwa Machi 2020, vipindi vya KICD viliwafikia wanafunzi kupitia redio ya KBC na televisheni. Fasihi husikika vizuri redioni. Kuchora maumbo kwa rula na bikari ni shughuli nyingine, maana msikilizaji hana ubao wa kutazama. Kwa hiyo sisi walimu wa tuisheni wa Umoja na Kayole tulilazimika kuchora kwa mdomo, simu sikioni, salio likiyeyuka. Ni ufundi ambao tangu hapo nimeuheshimu kuliko uhodari wa kuchora ubaoni.

Taabu ya kwanza ni herufi. Nukta tunazitaja kwa Kiingereza, na kwenye simu yenye mtandao hafifu B, C, D, E na P ni sauti moja. Dawa tuliitoa kwenye mabango ya matatu: B ya Buruburu, D ya Donholm, E ya Eastleigh, P ya Pumwani. C haikupata mtaa. Tuliiita C ya City Stadium.

Sasa chukua swali la aina inayowatoa jasho watahiniwa. Chora pembetatu ABC ambayo BC ni sentimita 6, AB sentimita 8, na pembe ya B nyuzi 60. Kisha tafuta nukta P iliyo ndani ya pembetatu, ambayo umbali wake hadi mstari BA ni sawa na umbali wake hadi BC, tena iwe sentimita 4 kutoka C. Kipimapembe hakiruhusiwi.

Msemaji mzuri huanza na pande: “Laza BC, B kushoto, C kulia. Kila kitu kitakuwa juu yake.” Halafu: “Fungua bikari upendavyo, ncha iwe kwenye B, piga tao refu likate BC. Hapo pakatapo paite D. Usiguse bikari. Hamishia ncha kwenye D, ukate lile tao upande wa juu. Hapo ni E.” Mstari kutoka B kupitia E unasimama kwa nyuzi 60, kwa sababu B, D na E zimeachana kwa umbali uleule, ni pembetatu ya pande sawa, ileile ambayo Euclid alianza nayo kitabu chake cha kwanza. Mwanafunzi arefushe mstari huo na kupima sentimita 8 apate A.

Angalia kwamba kila nukta imepewa jina pale ilipozaliwa. Ukisema “lile tao la pili” baada ya matao matano, umempoteza mwenzako.

Bikari za bei rahisi hulegea skrubu, na mchoro huharibika kimyakimya. Kuna njia ya kulibaini hilo bila mwalimu kuona: achore duara, kisha apige hatua juu ya ukingo wake kwa upana uleule. Hatua ya sita lazima irudi ilikoanzia. Isiporudi, bikari imesogea. Na pembetatu yenyewe ina shahidi wake: apime AC, asome sentimita 7.2 hivi.

Inabaki P. Nukta zilizo mbali sawa na BA na BC zimejipanga kwenye mstari unaoigawa pembe ya B nusu kwa nusu. Ncha kwenye D, kisha kwenye E, kwa upana mmoja unaozidi nusu ya DE. Matao yanakutana F. Heri F iwe mbali na B, kwani rula inayoegemea nukta mbili zilizobanana huyumba. Nukta zilizo sentimita 4 kutoka C zimejipanga kwenye duara.

“Mwalimu, duara limekata mstari mara mbili!”

“Moja iko umbali gani kutoka B?”

“Mbili na nusu hivi. Nyingine karibu nane.”

Hiyo ya pili imevuka AC, iko nje ya pembetatu. Sharti la “ndani” ambalo wengi hulisoma haraka ndilo linaloichagua ile ya kwanza.

Lakini kuna kosa ambalo hakuna kipimo kitakacholifichua. Mwanafunzi akichora A chini ya BC badala ya juu, urefu wote utatoka sawasawa, AC itakuwa 7.2, P itakuwa mahali pake, na mchoro utakuwa umegeuzwa kama kivuli cha kioo. Ndiyo sababu mwisho wa simu huwa naagiza: weka kidole kwenye A, nenda B, kisha C, uniambie unazunguka upande wa mshale wa saa au kinyume. Akijibu kinyume, namwambia akate simu.