Tunapima Umakini au Lugha? Uhakiki wa Hojaji za Utukutu kwa Mtoto wa Tiira

Kielelezo cha Russell Barkley cha mwaka 1997 kinaeleza upungufu wa umakini na utukutu kuwa ni udhaifu wa kujizuia, unaodhoofisha uwezo wa akili wa kujisimamia. Kutokana nacho, wengi wametarajia majaribio ya maabara, kama yale ya kubonyeza kitufe au kujizuia kukibonyeza, yatoe uamuzi usiotegemea maneno ya mtu. Tarajio hilo halijatimia. Uchambuzi wa Willcutt na wenzake (2005), uliojumuisha tafiti 83, ulithibitisha tofauti baina ya makundi, lakini katika jaribio lolote moja watoto wengi wenye hali hiyo hawakuonyesha kasoro. Toplak, West na Stanovich (2013) walikuta uwiano baina ya majaribio hayo na hojaji ni wa kati ya 0.19 tu. Dakika chache za utulivu mbele ya mtahini hazifanani na siku nzima ya mtoto.

Kwa hiyo uzito unabaki kwenye hojaji, nayo hojaji ni lugha. Kauli kama “huacha kiti chake” ina kasoro ya kisarufi: kiambishi hu- tayari kinadai mazoea, kisha mjibu anatakiwa achague “kamwe” au “mara chache”. Afadhali kuuliza: “Katika miezi 6 iliyopita, ameacha kiti chake mara ngapi?”

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtoto wa miaka 10 huko Tiira, wilayani Busia, Uganda. Nyumbani anasema Kiteso. Yuko darasa la nne, ambapo mtaala wa Uganda huhamia Kiingereza. Mwalimu anampa “mara nyingi” katika dalili 6 kati ya 9 za kutokuwa makini, idadi ambayo ndiyo kiwango cha mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013. Hata hivyo, dalili 3 kati ya hizo, yaani kutosikiliza, kutokamilisha maagizo na kukwepa kazi ya kufikiri, zinategemea kuelewa agizo. Mama, akiulizwa kwa Kiteso kuhusu kazi za nyumbani, anazijibu hizo 3 “mara chache”. Mwalimu hakudanganya, amepima uelewa wa Kiingereza. Mwongozo wenyewe unakataa dalili zinazotokana na kutoelewa maagizo tu, na unataka dalili zionekane katika mazingira mawili au zaidi, nyingine kabla ya umri wa miaka 12.

Kinyume chake, mtoto ambaye dalili zake zimethibitika kwa mama na kwa mwalimu, katika lugha zote mbili, asinyimwe msaada kwa sababu amefaulu jaribio la kompyuta.

Tunapendekeza kila fomu ionyeshe lugha iliyotumika kumwagiza mtoto, na kwamba alama za mwalimu zisijumlishwe kabla agizo lilelile halijajaribiwa kwa lugha ya nyumbani.