Matao ya Mtoni Yamewaka!

Mchana bamba hili halina kitu. Ni kipande cheupe cha plastiki, upana milimita 100 na kimo milimita 75, uso wake una mabonde na vilima kama ukuta uliopigwa lipu ovyo. Ukilipitisha kidole utasema kazi imeharibika. Lakini weka taa nyuma yake uone! Magofu ya Kasri la Mtoni, hapa Unguja, yanajitokeza yote: matao, kuta za mawe ya matumbawe zilizomomonyoka, kivuli kizito cha vyumba vya ndani, na uwazi wa tao la kati unaowaka mweupe kana kwamba bahari iko pale pale nyuma yake. Mashallah! Nimeliwasha na kulizima mpaka watu wa nyumbani wamechoka nami, na bado nalitaka.

Hii ndiyo lithofani, picha isiyo na tone la wino. Panapotakiwa weupe plastiki ni nyembamba, panapotakiwa weusi ni nene, na mwanga ndio unaochora. Ufundi wenyewe si mgeni duniani. Mwaka 1827 Baroni Paul de Bourgoing alipata hataza yake Ufaransa, na kwa muda mrefu mafundi wa Ulaya walichonga picha kwa mkono kwenye nta iliyomulikwa kwa chini, wakaitolea kalibu ya plasta, ndipo wakatengeneza bamba la kauri. Sayyida Salme alipozaliwa katika kasri hilihili la Mtoni mwaka 1844, Ulaya vilikuwepo vibamba vya namna hiyo. Leo nta na kisu vimeachia nafasi picha ya simu na printa ya pande tatu.

Picha niliyoichagua niliipiga magofuni jua likiwa upande wa bahari, na nasema bila kusita kwamba uchaguzi huo ni nusu ya kazi. Nozeli ya printa ina tundu la milimita 0.4, kwa hiyo upana wote wa bamba hauchukui zaidi ya mistari 250 hivi. Nakshi ndogo na majani ya mbali hupotea. Tao, nguzo na kivuli chake, hayo hukaa. Ndiyo maana Mtoni panafaa mno: maumbo ni makubwa, na giza na mwanga vimepakana bila kuoneana haya.

Sasa njoo kwenye kiini chenyewe, maana hapa ndipo lithofani nyingi zinapotoka na sura ya ukungu. Watu wengi hudhani unene ugawanywe sawasawa: weupe kamili milimita 0.8, weusi kamili milimita 3, na kijivu cha kati kiwe katikati, 1.9. Mwanga haufanyi hivyo. Kila milimita ya plastiki hupitisha sehemu ileile ya mwanga ulioifikia, kisha milimita inayofuata hupitisha sehemu ileile ya ule uliobaki. Nilichapa vibamba viwili vidogo, kimoja cha milimita 1 na kingine cha milimita 2, nikaviweka kwa zamu juu ya taa ileile na kupima kwa programu ya luksi kwenye simu. Cha kwanza kilisoma 600, cha pili 240. Gawanya 240 kwa 600: uzi wangu hupitisha asilimia 40 kwa kila milimita. Hiyo ndiyo namba inayotakiwa, na ni ya uzi ule tu. Ukibadilisha uzi, pima upya.

Chukua ukuta wa kushoto wa tao, ambao kwenye picha una nusu ya mwanga wa anga. Kwa mgawanyo wa sawasawa ungepewa unene wa 1.9, na ungepitisha asilimia 37 tu ya mwanga wa anga badala ya 50. Ukuta wa mawe yanayong'aa kwa jua ungegeuka ukuta wa wakati wa magharibi! Kwa hesabu sahihi unahitaji kuzidi unene wa anga kwa milimita 0.76 tu, yaani uwe 1.56. Huna haja ya kukokotoa kila nukta. Ukifungua picha ndani ya Cura kuna dirisha lenye `Color Model`. Chagua `Translucency`, kwenye `1mm Transmittance (%)` andika 40, na pale pa rangi chagua `Darker is higher`. Basi. Tofauti niliyoiona kati ya bamba la njia ya kwanza na hili la pili ni ya usiku na mchana: mawe yamepata sura, nyufa zinasomeka, na kivuli cha ndani kina tabaka zake badala ya kuwa doa moja.

Lisimamishe bamba wakati wa kuchapa, usililaze. Likilala, vile vilima hujengwa kwa tabaka za milimita 0.12, na kutoka 0.8 hadi 3 unapata ngazi 18 tu. Anga inatoka na mistari ya mzunguko kama ramani ya milima. Likisimama, unene hufuata mwendo wa kichwa cha printa, ambao ni laini mno, na kijivu kinateleza bila ngazi. Gharama yake ni muda: tabaka 625, na mwendo wa polepole, milimita 40 hivi kwa sekunde. Bamba jembamba lililosimama hupenda kutikisika huko juu, basi liwekee ukingo mpana chini na ulipange upana wake ufuate upande ambao meza ya printa huenda na kurudi. Ukiona mistari hafifu inayorudia umbo la tao pembeni yake, huo ni mtikisiko, punguza kasi. Ndani pajazwe asilimia 100, la sivyo ukiwasha taa utaona wavu wa plastiki ukikatiza mbingu. Na usishuke chini ya 0.8, kwa sababu hapo ndipo mistari miwili ya nozeli inapokaa bega kwa bega bila kuacha ufa.

Hewa yetu ya Unguja ina lake. Uzi wa PLA ulioachwa wazi hunywa unyevu, na ukipita kwenye nozeli maji yanachemka: utasikia vishindo vidogo, kisha kwenye bamba utaona vidoa vya mwanga kama pele. Ukaushe kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa saa kadhaa kabla ya kuanza. Umeme ukikatika katikati, printa nyingi zinaweza kuendelea zilipoachia, lakini mstari wa pale kazi ilipopoa utaonekana milele mbele ya taa, kwa hiyo betri ya akiba ni sehemu ya vifaa. Taa iwe ya LED, isogezwe nyuma sentimita chache na karatasi nyeupe katikati, ili balbu zenyewe zisionekane. PLA hulegea ikifika nyuzi 60 hivi, basi usilitundike kwenye kioo cha gari.

Na yote haya kwa gramu 18 za uzi! Roli la kilo moja linatoa mabamba zaidi ya 50. Linalofuata nalichapa likiwa limepindwa kama kipande cha mtungi, kwa sababu umbo hilo husimama lenyewe wala halitikisiki, na matao ya Mtoni yatamzunguka mtazamaji kutoka kushoto hadi kulia. Mwenye printa asingoje. Aende magofuni alasiri, jua likiwa baharini, apige picha akiwa ndani ya kivuli akitazama nje.